Kuunganisha maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari: njia tatu za kuchapa daftari la mkono

Anayeandika kwa kalamu hukata neno kwa sababu karatasi imemwishia. Kistari kilicho mwishoni mwa mstari ni habari ya upana wa karatasi tu, hakihusiani na neno lenyewe. Ukilichapa daftari hilo kwenye kompyuta ili lisomeke mfululizo, kistari hicho hakina kazi tena, wala pale mstari ulipoishia. Shida ni kwamba vistari vingine vya mwisho wa mstari vina kazi yake, na mistari mingine iliishia pale kwa makusudi. Daftari la kurasa 96 lenye mistari 25 kila ukurasa lina miisho ya mistari 2,400, na kila mmoja unahitaji uamuzi, hata kama ni wa nusu sekunde.

Wengi hukwama wasijue uamuzi huo waufanye lini. Kuna wanaouunganisha mstari kwa mstari papo hapo wakichapa. Kuna wanaochapa mistari kama ilivyo, kisha wakaiunganisha yote kwa mkupuo. Na kuna wanaoihifadhi mistari kwa lebo ndani ya faili, ili usomaji wa mfululizo utolewe humo wakati wowote. Njia zote tatu hutumika na zote zinaweza kutoa kazi safi.

Mambo manne ya kupimia

La kwanza ni vistari vya kweli: je, njia inakusaidia kutofautisha kistari cha kukatia na kistari ambacho mwandishi angekiandika hata kama neno lingekuwa katikati ya mstari? La pili ni maneno yaliyokatwa bila kistari, ambayo kwa Kiswahili ndiyo yenye hatari kubwa kuliko yote. La tatu ni kurudi kwenye ukurasa: mtu akitilia shaka neno, atalipata upesi kwenye karatasi? La nne ni gharama, yaani muda na ujuzi unaotakiwa.

Tutumie ukurasa mmoja kwa njia zote. Tumeutunga kwa mtindo wa kumbukumbu za mkutano wa chama cha ushirika cha wakulima:

```
Mwenyekiti alisema kahawa ipimwe sawa-
sawa, si kwa kukisia. Wanachama hawaku-
ridhika na hesabu ya msimu wa 1961-
62 wakataka isomwe upya, gunia moja-
moja. Katibu akaulizwa wana
chama wapya ni wangapi.
```

Mistari sita, na miisho mitano ya kuamuliwa. Ukiamuru kompyuta ifute kila kistari cha mwisho wa mstari na kuunganisha, na kwingine iweke nafasi, utapata hivi: "sawasawa" ni sahihi, "hawakuridhika" ni sahihi, "196162" ni upuuzi, "mojamoja" haijulikani, na "wana chama wapya" ni kosa linalosomeka kama si kosa.

Hilo la mwisho ndilo la kuogopa. Mwandishi hakuweka kistari, na vipande vyote viwili ni maneno kamili. Kikagua tahajia hakitasema kitu, kwa kuwa "wana" ni neno na "chama" ni neno. Kiswahili kimejaa vipande vya namna hii, maana viambishi vya mwanzo wa kitenzi hufanana na maneno yanayojitegemea. Mstari ukiishia na "wali" na unaofuata ukianza na "kuja", kompyuta itakuandikia wali wa kula. Vivyo hivyo "ana", "nina", "mwana", "si", "na", na "kwa" inayofuatwa na "nza". Kwa upande mwingine kuna msaada unaotoka ndani ya lugha yenyewe: maneno ya Kibantu ya Kiswahili huishia na irabu. Mstari ukiishia na konsonanti bila kistari, karibu kila mara neno limekatwa, isipokuwa liwe jina kama Dar es Salaam, au neno la mkopo. Na vipande kama "hawaku" au "nili" havisimami peke yake, hivyo vinajifichua vyenyewe.

Kuhusu "moja-moja", kamusi haiwezi kukuamulia. Waandishi huandika "mojamoja", "moja moja" na "moja-moja", na mmoja huyohuyo anaweza kuwa na desturi yake tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Itafute katikati ya mistari ya daftari hilohilo, kwa mwandishi huyohuyo. Akiwa ameandika "pole-pole" na "mbali-mbali" katikati ya mstari, mahali ambapo karatasi haikumlazimisha, basi kistari cha "moja-moja" kibaki. Akiwa ameandika "polepole", kiondoke. Usipopata mfano wowote, chagua kimoja, andika uamuzi wako kwenye ukurasa wa maelezo mwanzoni mwa faili, na usiubadilishe njiani.

Njia ya kwanza: kuunganisha papo hapo

*Inavyofanyika.* Kabla ya kuchapa neno la mwisho la mstari, jicho lisome kwanza neno la mwanzo la mstari unaofuata. Ndipo uchape neno zima. Kitufe cha Enter hakiguswi mpaka aya iishe. Weka kipande cha kadibodi chini ya mistari miwili, si chini ya mmoja, maana kadibodi iliyofunika mstari unaofuata ndiyo inayowafanya watu wachape "wana" kisha wagundue "chama" baadaye. Ukurasa ukiisha, andika alama kama `[uk. 12]`. Neno likikatwa kati ya kurasa mbili, limalizie kwanza, kisha weka alama ya ukurasa baada yake: "hawakuja [uk. 12] nyumbani".

*Vistari vya kweli.* Hapa njia hii ina nguvu, kwa sababu unaamua ukiwa unaitazama karatasi. "1961-62" haitakukosesha hata kidogo. Unaona pia kama mstari mrefu uliochorwa mwishoni ni kistari kweli, au ni mchoro wa kujaza nafasi ili mtu asiongeze neno baadaye, kama inavyofanyika kwenye hundi na kumbukumbu za mikutano. Mchoro wa kujaza hukaa mbali na herufi ya mwisho, hufika ukingoni, na mstari unaofuata huanza na neno jipya. Udhaifu ni kwamba uamuzi hauachi alama. Mchapaji aliyezoea "sawasawa" ataiandika hivyo mahali pote, na hakuna atakayejua baadaye kwamba mwandishi alikuwa na "sawa-sawa".

*Yaliyokatwa bila kistari.* Ukisoma kwa maana unayanasa mengi, kwa kuwa sentensi yenyewe inakwambia. Ukichoka unayapita. Na ukishayapita hayapatikani tena kirahisi, kwa sababu miisho ya mistari imeshatoweka. Kutafuta "wana chama" kunataka uwe umeshashuku kwamba ipo.

*Kurudi kwenye ukurasa.* Unarudi hadi ukurasa, si hadi mstari. Kosa baya zaidi hapa ni kuruka mstari. Mistari miwili iliyo karibu ikiishia na neno moja, tuseme "wanachama", jicho hutoka mwisho wa mmoja likatua mwisho wa mwingine, na mstari mzima unapotea. Sentensi inayobaki mara nyingi inasomeka vizuri tu. Kwa kuwa mistari haikuhifadhiwa, huwezi kuihesabu. Dawa ni mtu wa pili asome karatasi kwa sauti na wewe ufuatilie kwenye skrini.

*Gharama na anayefaa.* Haitaki ujuzi wowote wa kompyuta, na ukimaliza umemaliza. Inamfaa mwenye barua chache za familia, mwandiko unaosomeka, na mwandishi ambaye lugha yake anaijua vizuri. Kwenye simu ndiyo njia inayowezekana kwa urahisi zaidi.

Njia ya pili: mstari kwa mstari, kisha kuunganisha kwa mkupuo

*Inavyofanyika.* Unachapa kila mstari wa karatasi kama mstari wake kwenye skrini, na unabonyeza Enter pale mwandishi alipoishia. Siri ya njia hii ni alama tatu za mwisho wa mstari. Kistari cha kukatia unakichapa `¬`. Kistari cha kweli unakichapa `-`. Neno lililokatwa bila kistari unaliwekea `~`. Kwa hiyo ukurasa wetu unakuwa hivi:

```
Mwenyekiti alisema kahawa ipimwe sawa¬
sawa, si kwa kukisia. Wanachama hawaku¬
ridhika na hesabu ya msimu wa 1961-
62 wakataka isomwe upya, gunia moja-
moja. Katibu akaulizwa wana~
chama wapya ni wangapi.
```

(Hapa tumechukulia kwamba kwingine, katikati ya mistari, mwandishi ameonekana akiandika "pole-pole" lakini "sawasawa" bila kistari.) Alama `¬` kwenye Windows hupatikana kwa kushikilia Alt na kuandika 0172 kwenye namba za pembeni. Ukichagua alama nyingine, hakikisha haimo kabisa ndani ya daftari: `=` haifai kwenye daftari la hesabu.

Aya mpya itenganishwe kwa mstari mmoja mtupu, na alama ya ukurasa kama `[uk. 12]` ikae peke yake kwenye mstari wake. Usiiruhusu kompyuta ikisie aya kwa urefu wa mstari. Mstari unaweza kuwa mfupi kwa sababu neno lililofuata halikuingia au karatasi ilichanika, na wapo waandishi waliobania karatasi hata aya zao zikagusana ukingo kwa ukingo. Anwani, orodha na mashairi yana miisho ya mistari yenye maana. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane, na ukiviunganisha umeuharibu. Kwenye Word, mistari ya namna hiyo itenganishe kwa Shift+Enter badala ya Enter, nayo haitaguswa na hatua zinazofuata.

Ukishamaliza kuchapa na kukagua, hifadhi faili hilo na ufanye kazi kwenye nakala yake. Fungua Ctrl+H, chaguo la `Use wildcards` likiwa limezimwa. Mshale unaonyesha kinachotafutwa na kinachowekwa badala yake:

```
(nafasi)^p  ->  ^p
^p^p        ->  @@
¬^p         ->  (tupu)
~^p         ->  (tupu)
-^p         ->  -
^p          ->  (nafasi)
@@          ->  ^p
```

Utaratibu huu haupinduliwi. `^p` ni mwisho wa aya kwa macho ya Word, yaani kila Enter. Ukiondoa `^p` zote kabla ya kuzificha zile za mistari mitupu kwa `@@`, daftari zima linakuwa aya moja na hakuna tena cha kuzitenganishia. Hatua ya kwanza irudie mpaka Word iseme imebadilisha mara 0. Ipo kwa sababu vidole vina mazoea ya kubonyeza nafasi kabla ya Enter. Nafasi moja baada ya `¬` inatosha kuifanya `¬^p` isiipate, na neno linabaki "hawaku¬ ridhika". Baada ya hatua zote tafuta `¬` na `~`. Ikibaki hata moja, imejificha mahali palipobaki nafasi. Tafuta pia `[uk.` moja baada ya nyingine.

Neno lililokatwa kati ya kurasa linabaki "hawaku[uk. 12] ja", kwa sababu alama ya ukurasa imekaa katikati yake. Kwa daftari moja, yatengeneze kwa mkono. Hayazidi idadi ya kurasa. Kwa madaftari mengi, programu fupi ya Python inafanya kazi yote, na mistari ya mashairi unaianza na `|` ili isiguswe:

```python
import re
t = open("daftari.txt", encoding="utf-8").read()
t = re.sub(r"[ \t]+\n", "\n", t)
t = re.sub(r"[¬~]\n(\[uk\. \d+\])\n(\S+)", r"\2 \1", t)
t = re.sub(r"-\n(\[uk\. \d+\])\n(\S+)", r"-\2 \1", t)
t = re.sub(r"[¬~]\n", "", t)
t = re.sub(r"-\n", "-", t)
t = re.sub(r"(?<!\n)\n(?![\n|])", " ", t)
open("mfululizo.txt", "w", encoding="utf-8").write(t)
```

Wanaotumia LibreOffice Writer wajue kwamba utafutaji wake hauvuki mwisho wa aya, hivyo `¬` pamoja na Enter inayofuata havitafutiki kwa pamoja kama kwenye Word. Rahisi zaidi ni kuhifadhi kazi kama maandishi matupu na kutumia programu hiyo ya Python.

*Vistari vya kweli.* Uamuzi unafanyika ukiwa unatazama karatasi, kama kwenye njia ya kwanza, lakini hapa umeandikwa. Mtu akiuliza kwa nini "sawasawa" haina kistari na "moja-moja" inacho, faili la mistari linamjibu.

*Yaliyokatwa bila kistari.* Hapa ndipo njia hii inapojilipa. Maadamu miisho ya mistari bado ipo, unaweza kuikagua yote kabla ya kuunganisha: tafuta `wana^p`, `wali^p`, `nina^p`, `mwana^p`, `kwa^p`, moja baada ya nyingine, na kila inapotokea usome mwanzo wa mstari unaofuata. Ni kazi ya dakika chache, na inanasa yale ambayo kikagua tahajia hakiwezi kuyaona kamwe. Ukaguzi huu ufanyike kabla ya hatua za kuunganisha, maana baada yake hauna pa kushikia.

*Kurudi kwenye ukurasa.* Faili la mistari na karatasi vinalingana mstari kwa mstari. Ukurasa wa mistari 25 lazima utoe mistari 25. Ukitoa 24, mmoja umerukwa, na unaupata kwa kulinganisha neno la mwanzo la kila mstari. Ila hili ni kweli kwa faili la mistari tu. Ukilifuta baada ya kuunganisha, umebaki na kile kile ambacho njia ya kwanza ingekupa.

*Gharama na anayefaa.* Kuchapa kunakwenda vizuri kwa sababu macho hayahitaji kutangulia mbele sana, lakini nidhamu ya alama ni lazima. Watu wawili wakigawana daftari na mmoja akachapa `-` mahali pa `¬`, matokeo yatakuwa na "hawaku-ridhika" kila mahali. Wapatane kwanza kwa kuchapa wote wawili ukurasa uleule na kulinganisha. Inamfaa mwenye daftari refu, kundi la wachapaji, au mwandiko mgumu unaohitaji kukaguliwa mara mbili.

Njia ya tatu: kuhifadhi mistari kwa lebo

*Inavyofanyika.* TEI ni mwongozo wa kuweka lebo kwenye matini, ulioanza kutayarishwa mwaka 1987. Toleo lake la P5 lilitoka 2007 na ndilo linaloendelezwa. Ndani yake mwanzo wa mstari mpya huwekewa `<lb/>`, na mstari ulioanza katikati ya neno hupewa `break="no"`:

```xml
Wanachama hawaku<lb n="3" break="no"/>ridhika na hesabu ya
msimu wa 1961-<lb n="4" break="no"/>62 wakataka isomwe upya
```

Faili ni moja tu. Ukitaka usomaji wa mfululizo, programu inaondoa `<lb>` zenye `break="no"` bila kuacha nafasi, na zile nyingine inaweka nafasi. Ukitaka sura ya ukurasa, kila `<lb>` inakuwa mstari mpya. Ukurasa mpya ulioanza katikati ya neno unapata `<pb n="12" break="no"/>`, na mashairi yana lebo zake, `<lg>` kwa ubeti na `<l>` kwa mstari.

*Vistari vya kweli.* Unaweza kuonyesha hata kistari ulichokiondoa, kwa `<pc force="weak">-</pc>` kabla ya `<lb>`. Programu ya kutolea mfululizo nayo iifute `<pc>` hiyo pamoja na kistari chake. Hapo "hawaku-" ya mwandishi na "hawakuridhika" ya msomaji vinakaa pamoja.

*Yaliyokatwa bila kistari.* `wana<lb n="6" break="no"/>chama`, bila `<pc>`, inasema wazi kwamba neno ni moja na kistari hakikuandikwa. Lakini lebo haikugundulii lolote. Jicho lako ndilo linaloamua, kama kwenye njia nyingine.

*Kurudi kwenye ukurasa.* Hakuna inayoizidi, kwa sababu kila mstari una namba yake. Hatari iko kwenye nafasi zisizoonekana. Vihariri vingi vya XML, yaani muundo wa faili zenye lebo kama hizi, vina kitufe cha kupanga faili vizuri, na kitufe hicho huingiza mistari mipya na nafasi kuzunguka lebo. Baada yake unatoa mfululizo na kukuta "hawaku ridhika". Kizime, na programu yako ya kutolea mfululizo iondoe pia nafasi zilizo pande zote mbili za `<lb>` yenye `break="no"`.

*Gharama na anayefaa.* Ni polepole zaidi na inataka mtu aliyejifunza. Inamfaa mtafiti, maktaba, au yeyote anayetayarisha toleo ambalo wasomaji watanukuu kwa ukurasa na mstari.

Kwa hali yako

Ukiwa na barua tano za bibi na unataka wajukuu wazisome, chapa kwa njia ya kwanza na umwombe ndugu asome kwa sauti mara moja.

Daftari likiwa zaidi ya kurasa ishirini hivi, au mwandishi akiwa na tabia ya kukata bila kistari, tumia njia ya pili. Tabia hiyo unaijua mapema: fungua kurasa tatu popote na uangalie miisho yake. Ukikuta mistari inayoishia na konsonanti au na "hawaku", "ata", "nili" bila kistari, basi na "wana~" zipo nyingi.

Ukiwa hujui kama kazi itahitajika kwa utafiti baadaye, chapa kwa njia ya pili na uhifadhi faili la mistari. `¬`, `~` na `-` zikiwa zimewekwa sawasawa, zinageuzwa kuwa `<lb break="no"/>` kwa programu ya mistari michache. Kazi iliyochapwa kwa njia ya kwanza haigeuziki hivyo. Itabidi karatasi ifunguliwe upya.

Mswada ukiwa wa hati za Kiarabu, sehemu kubwa ya makala haya haikuhusu. Waandishi wa hati hizo kwa kawaida hawakati neno. Hurefusha herufi au hubana maneno ya mwisho ili mstari ujae. Kinachobaki kuamuliwa ni mwisho wa mstari wenyewe, kama ni wa karatasi au ni wa ubeti.

Na ukiwa umepokea maandishi yaliyochapwa na mtu mwingine, yakiwa na vistari na mistari iliyovunjika, bila karatasi yenyewe, usianze kufuta. Bonyeza Ctrl+Shift+8 kwenye Word ili uone alama zilizofichika. Mistari ikiwa imevunjwa kwa Shift+Enter, badilisha `^l` kuwa `^p` kwanza, ukiacha mashairi. Tafuta pia `^-`, kistari kilichofichwa ambacho Word huingiza kwa Ctrl na kistari. Neno lenye kistari hicho linaonekana zima kwenye skrini, ila utakapolitafuta, huenda usilipate. Kisha pita kwenye `-^p` moja moja kwa `Find Next`, bila kugusa `Replace All`, maana hapo karatasi ya kukuamulia haipo.